Nusisha Hatua, Kisha Linganisha: Kulijua Kosa la Njia ya Euler

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kuja. Leo nitazungumzia njia ya Euler, na ndani yake nitakaa kwenye swali moja tu. Mtu anapokokotoa jibu la mlinganyo tofautishi hatua kwa hatua, akapata namba mwishoni, atajuaje kama namba hiyo ni ya kuaminika ilhali jibu la kweli hana? Njia yenyewe hujifunzwa kwa muda mfupi sana. Swali hili ndilo huachwa njiani, na mimi naona ndilo lenye uzito.

Tuanze na kile tunachopewa. Mlinganyo tofautishi wa daraja la kwanza hautuambii y ni ngapi. Unatuambia kasi ya kubadilika kwa y ukiwa mahali fulani. Unasimama kwenye nukta (x, y), unaiuliza fomula, nayo inakupa mteremko wa mchoro wa jibu mahali hapo hapo. Pamoja na hilo tunapewa nukta moja ya kuanzia. Basi.

Leonhard Euler aliieleza njia hii mwaka 1768, katika kazi yake kubwa kuhusu intigrali iliyochapishwa Saint Petersburg. Wazo lake ni hili: ikiwa najua nilipo na najua mteremko wa hapa nilipo, naweza kuchora tanjenti, yaani mstari mnyoofu unaougusa mchoro hapo na kuelekea unakoelekea mchoro. Nikiufuata mstari huo kwa umbali mdogo h, nitafika karibu na pale ambapo mchoro wa kweli ungenifikisha. Nikishafika, nauliza mteremko upya, nachora tanjenti mpya, naenda tena umbali h. Kwa maandishi ni hivi: y mpya ni y ya sasa, jumlisha h mara mteremko wa sasa.

Sasa tukokotoe, maana njia hii haieleweki kwa kuambiwa tu. Nachukua mlinganyo y′ = x + y, tukianza x ikiwa 0 na y ikiwa 1. Tunataka kujua y pale x inapofika 1. Nimeuchagua kwa sababu jibu lake kamili linajulikana, ni y = 2eˣ − x − 1, kwa hiyo pale x = 1 tunapaswa kupata 3.43656. Tutalitumia jibu hilo kama shahidi kwa muda, halafu tutamwondoa shahidi tuone kama tunaweza kusimama bila yeye.

Hatua yetu iwe 0.2, yaani tutafika 1 kwa hatua tano. Mwanzoni mteremko ni 0 + 1, sawa na 1. Tunasogea 0.2, y inaongezeka kwa 0.2 mara 1, tunapata 1.2. Sasa x ni 0.2 na y ni 1.2, hivyo mteremko ni 1.4. Zidisha kwa 0.2 upate 0.28, ongeza kwenye 1.2, y inakuwa 1.48. Pale x = 0.4 mteremko ni 1.88, y inakuwa 1.856. Pale x = 0.6 mteremko ni 2.456, y inakuwa 2.3472. Pale x = 0.8 mteremko ni 3.1472, na hatua ya mwisho inatufikisha 2.97664.

Shahidi anasema 3.43656. Sisi tumepata 2.97664. Tumepungukiwa na karibu 0.46, na hilo si kosa dogo.

Kwa nini tumepungukiwa, wala hatukuzidisha? Tazameni miteremko yenyewe: 1, 1.4, 1.88, 2.456, 3.1472. Kila tunapokwenda inakuwa mikali zaidi, maana yake mchoro unapinda kuelekea juu. Tanjenti ni mstari mnyoofu, haupindi. Mchoro unaopinda kwenda juu siku zote huiacha tanjenti yake chini. Kama mchoro ungekuwa unapinda kwenda chini, tanjenti ingepita juu yake nasi tungezidisha. Kwa hiyo hata bila shahidi, ukiiangalia tu orodha ya miteremko yako unaweza kujua umekosea kuelekea upande gani. Watu wengi wanaifuta orodha hiyo mara wanapopata jibu, na kwa kufanya hivyo wanatupa habari waliyokwisha kuigharamia.

Tulitazame kosa hilo kwa karibu. Katika hatua ya kwanza tulipata 1.2, na jibu la kweli pale x = 0.2 ni 1.2428. Kosa la hatua hiyo moja ni 0.0428. Tukianza upya na hatua ya 0.1, baada ya hatua moja tunapata 1.1 na jibu la kweli pale x = 0.1 ni 1.1103. Kosa ni 0.0103. Hatua imekuwa nusu, lakini kosa la hatua moja limekuwa karibu robo. Ndivyo inavyokuwa mchoro unapopinda kwa utaratibu: umbali kati ya tanjenti na mchoro hukua kwa mraba wa h.

Hapo mtu atafurahi, aseme kumbe nikinusisha hatua, yaani nikiifanya nusu ya ilivyokuwa, napata usahihi mara nne. Hapana. Ukinusisha hatua, idadi ya hatua inakuwa maradufu. Kila hatua inakosea robo ya mwanzo, lakini sasa ziko mara mbili, hivyo kosa la jumla linabaki nusu. Nusu, si robo. Hii ndiyo sababu njia ya Euler inaitwa njia ya usahihi wa daraja la kwanza, na ndiyo sababu inakwenda polepole.

Kuna jambo moja la kuongeza hapa. Hatua tano zenye kosa la 0.0428 kila moja zingetupa jumla ya 0.214. Sisi tulipata 0.46. Zaidi ya nusu ya kosa imetoka wapi? Kwanza, mchoro huu unapinda zaidi kadiri unavyokwenda, hivyo hatua za mwisho zinakosea zaidi ya ile ya kwanza. Pili, baada ya hatua ya kwanza hatuko tena kwenye mchoro wetu. Tumeangukia mchoro wa jirani, ambao nao ni jibu la mlinganyo huo huo lakini ulianzia nukta nyingine. Mteremko tunaousoma hapo ni sahihi kabisa, ila ni wa jirani. Na katika mlinganyo huu majirani wanaachana kadiri x inavyokua, kwa hiyo kosa la mwanzo linabebwa na kukuzwa hadi mwisho.

Sasa tuone kama nusu tuliyoahidiwa inatokea kweli. Kwa hatua ya 0.2 tulipata 2.97664. Kwa hatua ya 0.1 tunapata 3.18748. Kwa hatua ya 0.05 tunapata 3.30660. Makosa ni 0.460, kisha 0.249, kisha 0.130. Si nusu kamili, lakini yanaikaribia, na kadiri hatua inavyopungua yanaikaribia zaidi.

Hapa ndipo namwondoa shahidi. Chukulieni hatujui 3.43656. Tuna majibu matatu tu, na tunachoweza kufanya ni kutoa moja kwa jingine. Kutoka 2.97664 hadi 3.18748 ni 0.211. Kutoka 3.18748 hadi 3.30660 ni 0.119. Tofauti zenyewe zinaelekea kuwa nusu ya zilizotangulia. Hiyo ndiyo alama tunayoitafuta, kwa sababu inatuambia njia inafanya kazi kama inavyopaswa katika sehemu hii ya mlinganyo.

Tena inatupa zaidi ya hapo. Kama kila kunusisha kunaondoa nusu ya kosa, basi kiasi kilichoondoka mara ya mwisho kinakaribiana na kiasi kilichobaki. Kilichoondoka mara ya mwisho ni 0.119, hivyo nakadiria kosa lililobaki kwenye 3.30660 ni karibu 0.119. Kosa la kweli ni 0.130. Nimelikadiria kosa langu vizuri bila kumwuliza mtu yeyote jibu.

Na kama nimelikadiria, kwa nini nisiliongeze? 3.30660 jumlisha 0.11911 ni 3.42571. Kosa sasa ni 0.011 tu. Linganisheni na mtu aliyeamua kutumia nguvu peke yake, akachukua hatua 100 za 0.01: anapata 3.40963, kosa lake 0.027. Sisi tulifanya hatua 10, tukafanya hatua 20, tukatoa na kujumlisha mara moja, na tumemshinda. Ujanja huu wa kuchanganya majibu mawili unaitwa upanuzi wa Richardson, na kwangu ndio kitu chenye faida kubwa kuliko vyote unavyoweza kumwongezea mtu anayejua njia ya Euler tu. Lakini una sharti. Unafaa pale tofauti zinapoonyesha kweli kwamba zinanusika. Kama hazinusiki, unajumlisha namba isiyo na maana kwenye namba usiyoijua.

Kabla sijafika kwenye mahali ambapo hazinusiki, niwaonyeshe kosa moja ambalo kipimo hiki hakilikamati. Siku hizi tunakokotoa kwa kompyuta, na programu yenyewe ni mistari michache:

```python
def euler(f, x, y, h, n):
    for _ in range(n):
        y = y + h * f(x, y)
        x = x + h
    return y

print(euler(lambda x, y: x + y, 0, 1, 0.1, 10))
```

Angalieni mistari miwili iliyo ndani ya mzunguko. y inabadilishwa kwanza, x inafuata. Mtu akiigeuza, akaisogeza x kabla, mteremko utakokotolewa kwa x mpya na y ya zamani, yaani kwenye nukta ambayo hatujawahi kuwapo. Katika mfano wetu hatua ya kwanza ya 0.2 ingetoa 1.24 badala ya 1.2. Programu haitalalamika. Na ubaya wake ni kwamba majibu yake bado yataukaribia ukweli hatua ikipungua, na tofauti zake zitanusika kama kawaida, kwa hiyo kulinganisha hakutamgundua. Anayemgundua ni kalamu. Kokotoa hatua ya kwanza kwa mkono, ulinganishe na ya kompyuta hadi desimali ya mwisho. Mimi naomba kila anayeandika programu ya namna hii afanye hivyo kabla ya kuiamini kwa lolote.

Tuje sasa kwenye mahali ambapo njia inavunjika. Chukulieni waya mwembamba wa chuma uliopashwa moto, unaotumbukizwa ndani ya maji mengi. Tuite y tofauti ya joto kati ya waya na maji, na tuseme inapungua kwa sheria y′ = −10y, wakati ukihesabiwa kwa sekunde. Mwanzo waya una nyuzi 80 juu ya maji. Kila mtu anajua kitakachotokea: waya utapoa haraka, mwanzo kwa kasi, kisha taratibu, hadi ulingane na maji. Hautakuwa baridi kuliko maji hata kidogo.

Mtu anachukua hatua ya robo sekunde. Mteremko wa mwanzo ni −800. Zidisha kwa 0.25, unapata −200. Ukiongeza kwenye 80 unapata −120. Waya umekuwa nyuzi 120 chini ya maji! Hatua ya pili, mteremko ni +1200, y inakuwa 180. Kisha −270. Kisha 405. Baada ya sekunde moja tu hesabu inasema waya una moto mara tano kuliko ulipoingia majini.

Hapa hakuna aliyekosea kuzidisha. Kila hatua inaizidisha y kwa 1 − 10h, na h ikiwa 0.25 kizidisho hicho ni −1.5. Namba inayozidishwa kwa −1.5 kila mara inageuka alama na kukua. Ili ipungue, h lazima iwe chini ya 0.2. Ili isigeuke alama kabisa, h isizidi 0.1. Tukitumia 0.05, kizidisho ni nusu, nasi tunapata 80, 40, 20, 10, 5. Pale sekunde 0.2 jibu la kweli ni 10.8, sisi tuna 5, kwa hiyo usahihi bado si mzuri, lakini angalau waya unapoa kama waya.

Naomba mtofautishe mambo haya mawili, kwa maana yanachanganywa mno. Kukosa usahihi ni kupata 5 mahali pa 10.8. Kukosa uthabiti ni kupata 405 mahali ambapo jibu halifiki hata sehemu moja ya mia ya nyuzi moja. La kwanza hupungua polepole ukipunguza hatua. La pili lina mpaka mkali, na ukiwa upande mbaya wa mpaka huo, ujanja wa kujumlisha tofauti hauna msaada. Dalili yake ni namba zinazoruka juu na chini kwa zamu huku zikikua, kwenye tatizo ambalo unajua halina sababu ya kuruka.

Ukikutana na hali hiyo na huna nafasi ya kupunguza hatua, kuna njia ya Euler ya nyuma. Badala ya kuutumia mteremko wa hapa ulipo, unautumia mteremko wa pale utakapofika. Kwa kuwa hujafika, y mpya inatokea pande zote mbili za mlinganyo, na inabidi uitafute. Kwa waya wetu ni rahisi: y mpya ni y ya zamani gawanya kwa 1 + 10h. Kwa hatua ile ile ya robo sekunde unagawanya kwa 3.5, unapata 22.9, kisha 6.5, kisha 1.9, kisha 0.5. Usahihi wake si wa kujivunia, kwa sababu jibu la kweli pale robo sekunde ni 6.6 na sisi tuna 22.9. Lakini hairuki na hailipuki, kwa hatua ya ukubwa wowote. Gharama yake ni kwamba mlinganyo ukiwa mgumu, kila hatua unakuwa na fumbo la kufumbua kabla ya kuendelea.

Mfano wa mwisho ni ule unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hauna kelele. y′ = y², tukianza x ikiwa 0 na y ikiwa 1, na tunaulizwa y pale x = 1. Kwa hatua ya 0.2 njia ya Euler inatoa 4.11. Namba inaonekana ya kawaida kabisa. Haijaruka, haijageuka alama, inapanda kwa ustaarabu: 1.2, 1.488, 1.93, 2.68, 4.11. Mtu anaweza kuiandika kwenye ripoti na hakuna atakayestuka.

Jibu la kweli ni y = 1/(1 − x). Pale x = 1 halipo. Mchoro unapanda bila kikomo kabla ya kufika hapo, na njia ya Euler imepita juu ya shimo hilo bila kuliona, kwa sababu inauliza mteremko kwenye nukta chache tu na haijui kilicho katikati.

Lakini kunusisha kunalifichua. Kwa hatua ya 0.1 pale x = 1 tunapata 6.13. Kwa hatua ya 0.05 tunapata 9.55. Tofauti ya kwanza ni 2.02, ya pili ni 3.42. Tofauti zinakua badala ya kunusika. Hapo kalamu iwekwe chini. Hakuna namba ya kuripoti.

Tena unaweza kurudi nyuma ukaangalia tatizo linaanzia wapi. Pale x = 0.4 hatua hizo hizo tatu zinatoa 1.488, 1.558 na 1.605, tofauti zikiwa 0.070 na 0.047. Hazijafika nusu, lakini zinapungua, na hatua ndogo zaidi zitatufikisha kwenye 1.667 ya kweli. Pale x = 0.8 tunapata 2.68, 3.24 na 3.79, na tofauti zinakaribia kulingana, 0.563 na 0.554. Jibu lipo hapo, ni 5, ila hatua hizi ni kubwa mno kulipata. Pale x = 1 tofauti zinakua, na hata upunguze hatua vipi zitaendelea kukua. Kwa hiyo anayeulizwa swali hili anaweza kutoa jibu la x = 0.4 pamoja na kadirio la kosa lake, anaweza kulifikia la x = 0.8 akiwa na subira ya kunusisha mara nyingi zaidi, na kuhusu x = 1 anapaswa kuandika kwamba hesabu haitulii na kuonyesha zile namba tatu, 4.11, 6.13 na 9.55, ili msomaji ajionee mwenyewe.